Umepasuka, Umepasua

Simu ya mapokezi iliita saa 12:20 asubuhi, zikiwa zimebaki dakika arobaini zamu yangu ya usiku iishe. Ilitoka chumba 214.

"Binti, mlango wa kioo wa bafuni umepasuka," alisema mzee kwa sauti ya mtu ambaye bado moyo unamwenda mbio. "Nilikuwa nimekaa kitandani navaa soksi. Nikasikia mlio, nikaenda kuangalia, nikakuta vipande sakafu nzima."

Nikamshukuru kwa taarifa, nikamwambia asiguse kitu, namtuma mtu. Kisha nikafungua kitabu cha zamu nikaandika: "Saa 12:20. Mgeni wa 214 amepasua mlango wa kioo wa bafu. Alipishwe."

Niliyaandika hayo kabla mtu yeyote hajapanda ngazi kwenda kuangalia.

Ni wiki kadhaa sasa, na sentensi hiyo bado inanikaa kooni. Mzee alisema mlango umepasuka. Mimi nikaandika amepasua. Nimeifikiria sana hiyo "k" niliyoiacha, maana hakuna aliyeniambia niiache. Kalamu ilienda yenyewe.

## Mbele ya foleni

Kabla ya saa 1 mzee alishuka na begi lake. Nyuma yake walikuwapo wageni wengine watatu wanaosubiri kuondoka. Nikamtolea bili, na chini yake nikamwekea mstari wa mlango wa bafu. Mstari ule peke yake ulizidi malipo ya siku zote mbili alizolala.

Nilisema, na ninakumbuka kila neno: "Mzee, kuna gharama ya mlango ulioupasua."

Alinitazama, akawatazama wale waliokuwa nyuma yake, akanirudia. "Sikuupasua. Nilikupigia simu nikakwambia umepasuka."

"Kioo hakipasuki chenyewe, mzee."

Hapo ndipo nilipofunga mlango mwingine, wa mazungumzo. Baada ya sentensi hiyo hakuwa na namna ya kunijibu isipokuwa kukubali kwamba ni mwongo. Nikachukua kadi yake ya usajili, nikamwonyesha mstari juu ya sahihi yake, unaosema mgeni atalipia uharibifu wowote atakaousababisha chumbani. Akausoma polepole kwa miwani.

"Nitakaousababisha," alisema. "Huu sikuusababisha."

Amana ilikuwa imeshazuiwa kwenye kadi yake ya benki tangu alipofika. Nikaikata. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Haya, binti, chukueni," akainua begi, na alipogeuka nikaona soksi yake ya mguu wa kushoto ina doa la damu. Alikuwa amekanyaga kipande alipokwenda kuangalia.

Sikuwa nimemuuliza kama ameumia. Si kwenye simu, si pale kaunta.

## Mfuko wa vipande

Fomu yetu ya uharibifu inahitaji sahihi ya fundi, kwa hiyo zamu ilipoisha sikuondoka. Fundi wetu ni mtu mzima, hana haraka, na swali lake la kwanza halikuwa nani bali wapi. "Vipande viko wapi?"

Vilikuwa kwenye mfuko. Nilipomtuma mhudumu wa vyumba nilimwambia afagie mtu asijikate, na alifanya kazi yake vizuri. Fundi akatikisa kichwa. Akatandika turubai nyuma ya stoo, akaumimina mfuko wote, akachuchumaa.

Aliyonieleza asubuhi ile sikuwa nimewahi kuyasikia katika miaka yangu yote ya mapokezi, ingawa kwa mafundi wa vioo ni mambo ya kila siku.

Kioo cha mlango wa bafu si kama kile cha dirisha la zamani, ambacho kikivunjika hutoa mapande marefu yenye ncha. Hiki hukatwa na kutobolewa kwanza, kisha hupashwa moto kiwandani hadi zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, halafu hupulizwa hewa baridi pande zote mbili kwa ghafla. Ngozi yake hukakamaa kwanza. Ndani huchelewa kupoa, na kunapopoa hujivuta, lakini ngozi imeshakaza. Basi kioo hicho huishi maisha yake yote kikiwa kimebanwa nje na kuvutwa ndani, kama upinde uliokwisha kuvutwa. Ndiyo maana ni kigumu kuliko kioo cha kawaida, na ndiyo maana siku kikishindwa hakipati ufa. Kinamwagika chote kwa mara moja, vipande vidogo vidogo kama punje. Hilo ni kwa usalama wa mtu aliye ndani. Punje zinakata, lakini hazichinji.

Udhaifu wake uko kwenye ukingo na kwenye pembe. Uso wake unaweza kuhimili kishindo cha mkono au bega, lakini pembe ikigonga kigae cha sakafu, hata kwa nguvu kidogo, mambo yanaweza kuishia hapo. Lililonishtua zaidi ni kwamba si lazima yaishie hapo hapo. Ukingo unaweza kumeguka kidogo leo, kovu dogo tu lisiloonekana, halafu kioo kikaendelea kusimama kwa siku au wiki. Kisha joto la maji ya moto, au mlango kufungwa kawaida kabisa, au hata bila kuguswa na mtu, kikaachia.

"Kwa hiyo kinaweza kupasuka chenyewe," nilisema.

"Kinaweza kupasuka bila mtu kukigusa wakati ule," alinisahihisha. "Sababu huwa ipo. Lakini huenda aliyeisababisha alishaondoka zamani."

Aliniambia pia kuhusu chembe za salfidi ya nikeli, uchafu mdogo sana ambao mara chache hubaki ndani ya kioo tangu kiwandani na kuongezeka ukubwa taratibu, hata kwa miaka, mpaka kioo kinalipuka. Hiyo ina alama yake: mahali mpasuko ulipoanzia hubaki vipande viwili vikubwa kidogo kuliko vingine, vimeshikana ubavu kwa ubavu kama mabawa ya kipepeo. Alivitafuta kwenye turubai kwa nusu saa. Hakuvipata. Lakini akasema kutovipata hakuthibitishi chochote, kwa sababu ufagio na mfuko vilikuwa vimeshavisambaratisha vipande vilivyoshikana.

Ushahidi niliufagia mimi, kwa mkono wa mtu mwingine.

## Bawaba ya chini

Tulipanda 214. Fundi hakuangalia juu wala katikati, alikwenda moja kwa moja kwenye bawaba ya chini. Milango hii hushikwa na bawaba za chuma zinazokibana kioo pande mbili, na kati ya chuma na kioo lazima kuwe na mpira. Kwenye bawaba ya juu mpira ulikuwapo. Kwenye bawaba ya chini, upande wa ndani, ulikuwa umelika hadi chuma kimebaki kitupu, na skrubu moja ilizunguka kwa kidole.

Kisha akanionyesha sakafu. Kwenye kigae kulikuwa na mstari wa mviringo, mwembamba, wa kijivu, unaofuata njia ya mlango unapofunguliwa. Mlango ulikuwa umeshuka. Pembe yake ya chini ilikuwa inaburuza kwenye kigae kila mara mtu alipoufungua.

Nilishuka nikafungua kitabu cha matengenezo. Siku 11 kabla ya mzee kufika, mhudumu wa vyumba alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: "214, mlango wa bafu unaburuza chini." Pembeni kulikuwa na alama ya vyema. Fundi wa zamu aliikaza skrubu. Mpira hakuugusa, kwa sababu stoo haukuwapo, na hakuna aliyeandika kwamba haupo.

Sasa, kuna jambo ambalo ningependa lisipotee hapa. Hayo yote hayathibitishi kwamba mzee hakufanya kitu. Huenda aliuvuta mlango kwa nguvu. Huenda aliteleza akaushika. Hakuna kamera bafuni na haipaswi kuwapo. Fundi aliniambia wazi kwamba hawezi kutia sahihi kuwa ni mgeni, na hawezi kutia sahihi kuwa si mgeni. Kwenye fomu aliandika: "Bawaba ya chini haina mpira. Chanzo hakijulikani."

Nilikwenda nyumbani na karatasi hiyo kichwani. Nilikuwa nimemkata mtu fedha kwa jambo ambalo fundi wangu mwenyewe hakulijua.

## Herufi moja

Lugha yetu inatupa njia mbili za kusimulia kitu kilichoharibika. Kimevunjika, amekivunja. Imemwagika, ameimwaga. Umepasuka, ameupasua. Katika njia ya kwanza kitu kiko peke yake kwenye sentensi. Tunaeleza hali yake na hatumtaji mtu. Katika ya pili lazima pawe na mtenda, huwezi kuikamilisha bila yeye.

Kwa neno "mlango" mambo yanakaribiana hadi yanaogopesha, kwa sababu kiambishi cha mlango na kiambishi cha "wewe" vinafanana. Umepasuka: mlango. Umepasua: wewe. Mtu akisema haraka, kwenye simu, saa 12 asubuhi, tofauti ni konsonanti moja.

Nilipitia fomu za uharibifu za mwaka mzima. Fomu yetu ilikuwa na nafasi iliyochapwa kabisa: "Mgeni amevunja/amechana/amepoteza ........". Yaani kabla hujaandika herufi moja, karatasi imeshahukumu, na kazi yako imebaki kutaja kitu. Birika la umeme ambalo kitako chake kiliungua: "amevunja". Kitasa kilichobaki mkononi mwa mama mmoja: "amevunja". Nilizisoma kama kumi hivi, na karibu zote zina mwandiko wangu.

Sidai kwamba wageni hawavunji vitu. Wanavunja, na wengine wanaficha kipande chini ya kitanda. Ninachosema ni kwamba kuna kazi inayopaswa kufanyika kati ya "umepasuka" na "ameupasua", na kwetu kazi hiyo haikuwa na mtu wala dakika zake.

## Barua ya benki

Wiki ya tatu benki ilituandikia. Mzee alikuwa ameyapinga malipo. Tulitakiwa kuleta uthibitisho ndani ya muda waliotupa, la sivyo fedha zingerudishwa kwake.

Meneja aliniita tuandae majibu. Yeye alikuwa na uhakika: kadi ya usajili ina sahihi, fomu ya uharibifu ipo, amana ilizuiwa kwa ridhaa. Tukaanza kupanga karatasi mezani, na kadiri tulivyozipanga ndivyo nilivyoona pengo lilipo.

Sahihi ya mgeni siku anapofika inasema kwamba anakubali kanuni. Haisemi kwamba amekubali kiasi hiki, kwa kitu hiki, siku hii. Kwa kampuni za kadi hayo ni mambo mawili. Kanuni za Mastercard, kwa mfano, zinataka malipo ya uharibifu yafanywe kama muamala wa peke yake, mbali na malipo ya chumba, na mwenye kadi aridhie baada ya kuelezwa kilichoharibika. Sisi tuliunganisha mlango na chumba kwenye bili moja, na mzee hakuridhia. Alisema "chukueni". Niliposikia neno hilo nililichukua kama ndiyo. Halikuwa ndiyo.

Picha tuliyokuwa nayo ilionyesha nafasi tupu ambako mlango ulikuwa. Ushahidi kwamba mlango haupo, basi. Hatukuwa na picha ya vipande vilivyoanguka, hatukuwa na picha ya bawaba kabla ya chumba kutolewa, na karatasi yenye uzito kuliko zote ilikuwa ile ya fundi inayosema chanzo hakijulikani.

Meneja alishauri tusiiambatishe ile.

Nilinyamaza kwa muda, kwa sababu ni bosi wangu na si mtu mbaya. Ana mwenye mali juu yake anayeuliza kila mwezi kwa nini vitu vinabadilishwa. Kisha nikamwambia: "Bosi, tukiitoa hiyo, mimi siwezi kutia sahihi maelezo." Akaichukua akaisoma tena. Akauliza kama mstari ule kwenye kigae bado upo. Nikamwambia upo. Akapanda mwenyewe kuuona.

Aliporudi alisema turudishe fedha zote kwenye kadi ile ile, na nimpigie mzee simu mimi.

## Simu

Nilijiandaa kusemwa. Nikajitambulisha, nikamwambia fedha zitarudi zote, nikamwambia tuliikuta bawaba imechakaa na kwamba sikupaswa kusema kioo hakipasuki chenyewe. Nikamwomba radhi, nikamuuliza kuhusu mguu.

"Ulipona," alisema.

Kimya kidogo. Kisha akauliza: "Na vyumba vingine mmeangalia?"

Hatukuwa tumeangalia. Mimi nilikuwa nimeshughulika na fedha zake na fomu zangu, na yeye aliyekanyaga punje ndiye aliyewaza juu ya mtu atakayeoga kesho. Siku ile ile fundi alipita vyumba vyote vyenye milango hiyo. Katika vyumba 36 alikuta bawaba za vitano zimeisha mpira. Kimoja mlango ulikuwa umeshaanza kuchora mstari kwenye kigae.

## Runinga ya chumba 109

Mtu angeweza kufikiri kwamba baada ya hapo niliacha kuwalipisha wageni. Hapana, na hii ndiyo sehemu iliyonifanya nikae kuandika, kwa sababu kumlipisha mtu kwa haki nimeona ni kugumu kuliko kumsamehe.

Kijana mmoja alikaa 109 na wenzake waliokuja kutazama mpira. Asubuhi mhudumu alinipigia: kioo cha runinga kina ufa. Safari hii nikamwambia asifute kitu, asisogeze kitu, apige picha kutoka mlangoni, kisha karibu, ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Nikaandika kitabuni: "Runinga ya 109 imepasuka kioo." Nikaishia hapo.

Nilimsubiri kijana apate kifungua kinywa, nikamwomba tupande wote chumbani. Si kaunta, si mbele ya wenzake. Mlango tuliuacha wazi kidogo, mhudumu akiwa korido, kwa heshima yake na yangu.

"Kaka, nimekuomba tuje huku kwa sababu runinga ina ufa," nilisema. "Kabla sijasema lolote, naomba nisikie kutoka kwako. Wewe mara ya mwisho uliitazama lini ikiwa nzima?"

"Nimeikuta hivyo," alijibu haraka.

Zamani ningemrukia. Nilimwambia, "Sawa, nimeandika," na niliandika kweli, mbele yake, maneno yake yenyewe. Kisha nikamwonyesha nilichonacho. Orodha ya ukaguzi wa jana saa 7 mchana, mhudumu aliwasha runinga na kuweka alama. Na kitabu cha simu: saa 3:40 usiku chumba 109 kilipiga mapokezi kuuliza chaneli ya mpira, wakaelekezwa, wakasema picha ni safi.

Halafu tukaitazama runinga pamoja. Ufa wa mgongano una mahali ulipoanzia. Unaona kitovu, kama nyota, na nyufa zinatawanyika kutoka hapo. Ukiiwasha, kuzunguka kitovu kuna doa jeusi na mistari ya rangi. Kuharibika kwa umeme au kwa uchakavu hakuleti kitovu. Huleta mistari iliyonyooka au nusu ya picha kupotea, na ukipitisha kidole juu ya kioo ni laini. Hapa kidole kilikwama kwenye shimo dogo. Sikuyasema hayo kwa sauti ya ushindi. Nilimwachia apitishe kidole mwenyewe.

Alikaa kitandani. "Chupa," alisema baadaye. "Rafiki yangu alirusha mkono goli lilipoingia. Sikuwa mimi."

Hilo nalo niliandika. Nikamwambia naelewa hakuwa yeye, lakini chumba kiko kwa jina lake na wale ni wageni wake, na kanuni aliyotia sahihi inawataja wageni wa mgeni. Akitaka kudaiana na rafiki yake hilo ni lao wawili. Alikubali kwa kichwa.

## Ni kiasi gani hasa

Nilidhani ugomvi umeisha. Ulikuwa ndio unaanza, kwa sababu aliuliza kiasi.

Nyuma ya kaunta tulikuwa na orodha ya bei za vitu vya chumba, zote bei za vitu vipya. Ndiyo niliyomlipishia mzee. Lakini runinga ya 109 haikuwa mpya. Ilinunuliwa miaka 3 iliyopita, na katika hesabu zetu wenyewe runinga huhesabiwa kudumu miaka 6 kabla ya kubadilishwa. Tuseme mpya ni 100. Miaka 3 katika 6 imeshatumika, na wageni wengine walishailipia kidogo kidogo katika bei ya chumba. Kilichobaki ndani yake ni 50. Nikimtoza 100, maana yake nimemnunulisha mwenye hoteli runinga mpya kwa kisingizio cha chupa.

Kuitengeneza ilikuwa njia nyingine. Kama matengenezo ni nafuu kuliko kilichobaki, basi mgeni alipe matengenezo tu. Fundi wa runinga tuliyempigia alisema kubadilisha kioo cha aina ile kungekaribia 80, kwa hiyo haikuwa na maana. Nikamwonyesha kijana risiti ya kununulia, tarehe, na hesabu yenyewe kwenye karatasi: 100, miaka 6, miaka 3, 50. Sikuongeza siku za chumba kukaa bila wageni, kwa sababu mchana ule ule tulihamishia humo runinga ya akiba.

"Punguza dada," alisema. "Fanya 30, tumalizane."

Hapa ndipo wengi wetu hulegea, na mimi nimelegea mara nyingi. Mgeni analalamika, unashusha, anaondoka, unashukuru. Lakini nimeanza kuamini kwamba punguzo la namna hiyo linamthibitishia kwamba namba ya kwanza ilikuwa ya uongo. Tena linamwadhibu mgeni mpole, yule anayelipa bila kubishana, kama mzee wangu. Nikamwambia: "Kaka, nikishusha kwa kuwa umeomba, nitakuwa nimekutajia bei ya kubahatisha. Ukinionyesha mahali hesabu imekosea, nitaishusha hapo hapo."

Alichukua karatasi. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Sehemu ya sahihi nilikuwa nimeiandaa kando: kitu, sababu kama alivyoieleza mwenyewe, kiasi, na ridhaa yake kwamba malipo haya yakatwe peke yake, mbali na bili ya chumba. Nilikuwa tayari kumpa siku mbili alete fundi wake kama angetaka, na nilimwambia hivyo.

Hakutaka fundi. Aliinua kichwa akaiangalia ile runinga iliyoegemezwa ukutani.

"Na hii mbovu mnaipeleka wapi?"

"Kuna fundi huzichukua. Anatoa vipuri. Spika, ubao wa umeme."

"Bure?"

Haikuwa bure. Mwaka jana tulimuuzia mbili, na nilikumbuka alichotoa kwa kila moja, kwa sababu risiti niliiandika mimi. Kwa hesabu yetu ya 100, ilikuwa kama 6. Fedha hiyo iliingia kwenye sanduku la matumizi madogo, na katika miaka yote hakuna mgeni aliyewahi kupunguziwa kwa ajili yake.

Nikairudisha karatasi upande wangu wa meza, nikaikata 50 kwa mstari mmoja, nikaandika chini yake 44, nikamsogezea kalamu.